Kabla Jina la Mzee Halijapanda Ukutani

Mara nyingi jina la ukumbi huzaliwa kwa dakika mbili. Mabati yameshapigwa, sakafu imekauka, kamati imekaa chini ya mti kupanga siku ya kufungua, na mtu mmoja anasimama na kusema, "Huu ukumbi tuuite kwa jina la Mwalimu." Wote wanapiga makofi. Hakuna mwenye nia mbaya pale. Lakini jioni hiyohiyo mjane wa Mwalimu anapata habari kutoka kwa kijana wa bodaboda aliyemletea unga, na kuanzia hapo familia imefungwa mikono. Ikikataa itaonekana ina maringo. Ikikubali itakubali huku ikinung'unika, kwa sababu imeambiwa badala ya kuulizwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mpangilio. Familia huulizwa kabla jina halijatajwa mbele ya watu, na huulizwa kwa namna inayoiwezesha kusema hapana bila mtu yeyote wa nje kujua kwamba iliwahi kuulizwa. Mengine yote, kuanzia shamba hadi urefu wa herufi kwenye bango, yanafuata hapo.

Tuchukue mfano tuutembeze mpaka mwisho. Tuseme ni kikundi cha watu 38 kilicho kati ya Maseno na Luanda, pale ambapo Kaunti ya Kisumu na ya Vihiga zinapakana na mkutano mmoja huendeshwa kwa Kijaluo, Kinyore na Kiswahili. Ukumbi ni wa futi 40 kwa 25. Kiwanja ni robo ekari, kilichokatwa pembeni mwa shamba la mwalimu mstaafu aliyekuwa pia mzee wa kanisa la Friends. Alifariki miezi 14 iliyopita. Aliacha nyumba mbili: mke mkubwa yuko hai hapo kijijini, mke wa pili alitangulia, na watoto wake wako Nakuru na Mombasa. Mezani kuna majina mawili. La kwanza ni la maelezo, yaani Ukumbi wa Kijamii pamoja na jina la soko la hapo. La pili ni Ukumbi wa Mwalimu fulani.

Wanaotetea jina la maelezo hudharauliwa kana kwamba hawana shukrani, na hiyo si haki. Jina la maelezo lina nguvu zake, na Kisumu yenyewe ni ushahidi. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, bandari ilipewa jina Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi. Leo ni wachache wanaolikumbuka. Lililobaki ni Kisumu, jina linalohusishwa na neno la Kijaluo la mahali ambapo watu walienda kutafuta na kubadilishana chakula. Na katika mji huohuo, hospitali kubwa ya rufaa inaitwa rasmi Jaramogi Oginga Odinga, lakini ukipanda matatu mtu atakwambia anashukia Russia, kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga. Watu huita mahali kwa kile wanachokiona au wanachokikumbuka, na bango halina uwezo wa kuwakataza.

Jina la mtu pia halimwelekezi mgeni. Masinde Muliro amepewa chuo kikuu Kakamega, bustani palepale Kakamega, na uwanja wa michezo Kanduyi, Bungoma. Kwa mtu wa hadhi yake hilo halina tatizo, maana kila mahali pana alama nyingine za kupatambua. Kwa mwalimu wetu shida ni ya karibu zaidi: neno "kwa Mwalimu" tayari lina maana hapo kijijini. Maana yake ni nyumbani kwake. Ukumbi ukiitwa hivyo, mgeni wa harusi atateremshwa na bodaboda mbele ya boma la mjane, na mjane atakuwa akiwaelekeza watu kila Jumamosi. Baya zaidi, baada ya miaka michache "kwa Mwalimu" mbili zitakuwa kitu kimoja vichwani mwa watu, na wajukuu watakua wakiamini kwamba ukumbi ni sehemu ya boma.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shamba. Mtu asifike kwenye jina kabla ya kupita hapa.

Kumbi nyingi za vijijini zimesimama juu ya ardhi iliyotolewa kwa mdomo. Mzee alisimama barazani, akaonyesha mpaka kwa fimbo, watu wakashuhudia, msingi ukachimbwa. Kisheria, ardhi hiyo bado ni yake hadi kiwanja kikatwe na mpimaji, Bodi ya Udhibiti wa Ardhi itoe idhini ikiwa ni ardhi ya kilimo, mwenzi wake aridhie pale inapohitajika, na hati miliki mpya itoke kwa majina ya wadhamini wa kikundi. Ombi la idhini ya bodi linatakiwa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Makubaliano ya mdomo ya miaka minane iliyopita ambayo hayakuwahi kufika kwenye bodi yana kazi kubwa sana ya kujitetea mahakamani.

Mwalimu akiwa amefariki kabla ya hayo, robo ekari yake imeingia kwenye mirathi pamoja na shamba lote. Hapo warithi wote wa nyumba zote mbili wanahusika chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Lazima msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na kwa kawaida miezi sita ipite kabla uteuzi huo haujathibitishwa na ardhi kuanza kugawanywa. Ni njia ndefu, lakini hakuna ya mkato iliyo salama.

Sasa weka jina juu ya hali hiyo. Ukumbi uko kwenye ardhi ambayo bado ina jina la marehemu, na mlangoni mwake kumeandikwa jina lilelile la marehemu. Mtoto mmoja akiamua siku moja kwamba ukumbi ni wa baba yake, kikundi kitakuwa kimemwandikia ushahidi kwa rangi ya mafuta. Ndiyo maana msimamo wetu kuhusu hili hauna masharti: pale ambapo hati miliki haijatoka kwa majina ya wadhamini, ukumbi usipewe jina la aliyetoa ardhi. Upewe jina la maelezo, na suala la heshima lisubiri karatasi. Katika mfano wetu tuseme Mwalimu alikuwa mtu wa utaratibu, akakata kiwanja akiwa hai, na hati iko. Kikundi kinaweza kuendelea.

Kabla ya kwenda kwa familia, kamati ikae peke yake iamue inaenda kutoa nini hasa. Hili hurukwa, kisha familia inauliza swali la kwanza tu na wajumbe wanatazamana. Jina litakaa wapi: kwenye bango la nje, au pia kwenye cheti cha usajili wa kikundi, akaunti ya benki, PIN ya kodi, mita ya stima na namba ya kulipia kwa M-Pesa? Jibu letu ni kwamba lisipite bango. Kikundi kibaki na jina lake la maelezo katika kila karatasi ya serikali na ya fedha. Jina la usajili likibadilika, kila kimojawapo cha hivyo nacho hubadilishwa kwa safari yake na ada yake, na kwa miezi kadhaa risiti zinatoka kwa jina moja huku hundi zikija kwa jina lingine. Tena kuna sababu nzito zaidi. Siku pesa za kikundi zikipotea, na hilo hutokea, barua za benki na za polisi zitakuwa na jina la marehemu kichwani. Mjane hastahili kusikia kwamba "Mwalimu" anadaiwa.

Jambo la pili la kuamua mapema ni kile ambacho familia haitapata na haitadaiwa. Haitapata umiliki, kiti cha lazima kwenye kamati, wala mgao wa kodi ya ukumbi. Na haitadaiwa michango. Mengi ya mashaka ya familia yako hapa, ingawa hawayasemi kwa sauti. Wameona familia nyingine: shule ikipewa jina la baba, kila harambee ya kupaka rangi wanapigiwa simu wao kwanza, na anayetoa kidogo anaambiwa amemwaibisha mzee. Kikundi kikisema wazi kwamba paa likivuja halitakuwa deni la familia, uzito mkubwa unaondoka mezani.

Kisha wachaguliwe wajumbe watatu. Mmoja awe rika la marehemu, mmoja awe mwanamke ambaye mjane humzoea, na wa tatu awe katibu, kwa sababu mtu lazima aandike. Mwakilishi wa wadi asiende, wala chifu. Ukienda na mwenye mamlaka, umegeuza ombi kuwa amri. Wapige simu kwanza, wachague siku isiyo ya soko wala ya kanisa, wasiende mikono mitupu. Sukari, majani na mkate vinatosha. Na katika kumbukumbu za kikao cha kamati kiandikwe tu kwamba wajumbe wametumwa "kushauriana kuhusu jina la ukumbi". Jina la Mwalimu lisiandikwe bado. Karatasi husomwa na watu wengi.

Ziara ya kwanza si ya kupata jibu. Hili ni gumu kwa wajumbe, kwa sababu mjane ni mtu mpole, chai imeshamiminwa, na atasema "sawa tu, wanangu, mumekumbuka." Wakirudi na neno hilo kama idhini, wamekosea. Maneno yanayofaa ni haya, au ya namna hii:

"Mama, hatujaja kuchukua jibu. Kuna wazo, na bado hatujalitaja kwa mtu. Tunataka tu kujua ni akina nani katika nyumba hii wanapaswa kulisikia kabla halijaenda popote, na tuwasikilize wao wakiwa tayari."

Swali la nani asikie ndilo lenye kazi. Katika nyumba ya wake wawili utaratibu una uzito wake. Nyumba kubwa husikia kwanza, ile ambayo Wajaluo huiita ya mikayi, lakini kusikia kwanza hakumaanishi kuamua peke yake. Watoto wa nyumba ya pili, ambao mama yao hayupo wa kuwasemea, ndio wanaosahaulika, na ndio wanaokuja kupinga baada ya bango kupanda. Mabinti walioolewa nao husahaulika, eti wameshatoka. Na kuna ndugu wa marehemu, ambao katika koo nyingi za huku wana neno juu ya jina kwa sababu jina ni la ukoo kabla ya kuwa la mtu.

Njia rahisi ya kuhakikisha hakuna aliyeachwa ni barua ile ya chifu inayoorodhesha warithi wakati wa mirathi. Ina wajane na watoto wa nyumba zote, na familia yenyewe ilishaikubali. Katibu aombe kuiona, anakili majina, na mbele ya kila jina aandike tarehe mtu huyo alipoulizwa na alivyojibu.

Familia ipewe muda usiopungua wiki nne, ili mwisho wa mwezi mmoja upite na walio mbali wapate nafasi ya kuja au kukutana kwa simu. Ikiwa Desemba iko karibu, afadhali kuisubiri. Mazishi ya mtu mwingine wa familia yasitumiwe kama nafasi ya kumaliza jambo hili, hata kama wote wako nyumbani siku hiyo. Akili haziko hapo, na atakayekubali kwenye matanga atasema baadaye kwamba hakumbuki.

Kuna dalili za kusikiliza. Mtu akiuliza "na shamba je?", jueni suala la ardhi halijaisha moyoni mwake hata kama limeisha kwenye hati, na lijibiwe kwa kumwonyesha nakala. Kijana wa kwanza akijibu haraka sana kwa niaba ya wote, rudini kwa wengine mmoja mmoja. Mjane akisema "ongeeni na watoto," huenda ni heshima, na huenda ni hapana ambayo hataki kuitamka. Yule mwanamke kati ya wajumbe arudi peke yake siku nyingine, bila katibu, akae jikoni. Jibu la kweli hupatikana huko.

Kuna swali moja ambalo wajumbe wengi hawalijui, na sisi tunaliona kuwa muhimu kuliko la tahajia: nani anabeba jina hili sasa? Wajaluo na jamii nyingi za Waluhya humpa mtoto jina la aliyefariki, na pengine marehemu mwenyewe huja ndotoni kulidai. Wakalenjin huita majina ya waliotangulia mtoto anapozaliwa, wakingoja apige chafya. Wakikuyu humpa mjukuu jina la babu hata babu akiwa hai na anakula naye. Kwa vyovyote, jina la mzee mara nyingi lina mwenye kulibeba anayetembea. Mjukuu mwenye jina hilohilo akigombea udiwani, ukumbi wa jamii unageuka bango lake la kampeni bila yeye kulipa senti, na wapinzani wake hawataingia humo kupiga mkutano. Familia inaweza isione tatizo. Kikundi lazima kilione. Njia ya kulipunguza ni kutumia kwenye bango jina ambalo ni la marehemu peke yake, kwa mfano cheo chake pamoja na majina matatu, au lile jina la utani wa heshima ambalo rika lake lilimwitia, kama familia itaridhia.

Swali lingine ni matumizi. Mwalimu alikuwa mzee wa Friends, kanisa lililoingia huku kupitia Kaimosi mwaka 1902 na ambalo msimamo wake juu ya pombe unajulikana. Ukumbi unakodishwa. Kutakuwa na disko la vijana, sherehe yenye bia, mkutano wa kisiasa wa kutukanana. Familia iulizwe mapema: jina la baba likiwa mlangoni, mtavumilia nini? Wakisema pombe hapana, kamati ihesabu. Ikiwa nusu ya mapato inategemewa kutoka kwenye sherehe za aina hiyo, basi jina la Mwalimu na bajeti ya ukumbi haviwezi kukaa pamoja, na jina la maelezo ndilo la ukweli. Afadhali kulijua hilo kabla. Kuweka sheria ambayo kila mtu anajua itavunjwa ni kumdhalilisha mtu kwa jina lake mwenyewe kila mwisho wa wiki.

Familia ikikataa, wajumbe warudi na neno moja tu: kamati imeonelea jina la maelezo. Kumbukumbu ziandike hivyo. Hakuna kusema familia ilikataa, wala kwa nini. Ndiyo faida ya kutolitaja jina mapema: kukataa kunabaki kati ya watu wachache na heshima ya pande zote inabaki ilipokuwa. Ikiwa familia imegawanyika, nyumba moja inataka na nyingine haitaki, chukulieni ni hapana. Kikundi kisiwe chanzo cha ndugu kutosalimiana.

Na kuna njia ya katikati ambayo sisi tunaipendelea hata familia inapokubali kwa moyo mmoja. Bango la nje libebe jina la maelezo kwa herufi kubwa na jina la mzee chini yake. Ndani, ukutani karibu na mlango, kuwekwe kibao kidogo kinachosema alichofanya: ardhi ya ukumbi huu ilitolewa na fulani, mwaka fulani, kwa matumizi ya wakazi wote. Sentensi hiyo inambeba Mwalimu kuliko jina tupu, kwa sababu mtoto wa 2050 ataisoma ajue kwa nini. Tena inasema waziwazi kwamba ardhi ilitolewa, jambo ambalo jina mlangoni haliwezi kulisema. Kibao hicho nacho kinahitaji idhini ya familia, neno kwa neno.

Wakikubali, makubaliano yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, na yasiwe ya kisheria kupita kiasi hadi mjane aogope kuweka kidole. Yataje jina kamili kama litakavyoandikwa, mahali litakapokaa, kwamba halitaingia kwenye usajili wala akaunti, kwamba familia haimiliki wala haidaiwi, na matumizi yaliyokatazwa. Kisha kuna kipengele ambacho karibu kila mtu hukiacha: jina linaondokaje. Ukumbi ukibomolewa, ukihamishwa, au ukijengwa upya kwa pesa za mfadhili anayetaka jina lake, je, jina linahama nao? Familia ikitaka kuliondoa baadaye, inamwandikia nani, na bango linashushwa ndani ya siku ngapi? Tunapendekeza iandikwe kwamba familia inaweza kuliondoa wakati wowote kwa barua iliyotiwa sahihi na nyumba zote mbili, na kikundi kinaweza kuliondoa kwa theluthi mbili ya wanachama baada ya kuongea na familia. Sahihi ziwe za nyumba zote mbili, za mwenyekiti na katibu, nakala tatu. Moja ikae kwa naibu wa chifu.

Hapo ndipo jina linakwenda barazani, na wajumbe wanasimama na kusema "tumeongea na familia." Makofi ya siku hiyo yana mahali pa kukaa.

Haya yote ni kwa ukumbi wa kikundi. Ukumbi uliojengwa na kaunti kwenye ardhi ya umma si wa kikundi kuupa jina, hata kama nyinyi ndio mnaoufagia. Hapo hupitia kwa msimamizi wa wadi kwa barua, au kwa ombi rasmi kwenye bunge la kaunti, haki ambayo Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mkazi. Familia huulizwa kwanza vilevile, na barua yake huambatanishwa.

Limebaki bango, na bango lina hesabu yake. Tuseme kipande cha bati ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Acha sentimita 10 kila upande, zinabaki 224. Herufi kubwa ya kawaida pamoja na nafasi yake huchukua takribani sehemu saba kwa kumi za kimo chake, kwa hiyo herufi ya sentimita 15 inakula kama sentimita kumi na nusu. Mstari mmoja unachukua herufi 21, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. "UKUMBI WA KIJAMII" ni 17, inaingia vizuri. Jina la soko litakaa mstari wa pili. Lakini "UKUMBI WA MWALIMU" ukifuatwa na majina matatu yote kwenye mstari mmoja unapita 35, na fundi atapunguza herufi hadi sentimita tisa bila kukwambia. Herufi ya sentimita 15 husomeka kwa raha kutoka kama mita 18. Ya tisa inataka mtu awe mita kumi na moja hivi. Barabara ya Maseno hadi Luanda ina magari yanayokwenda kasi, na ukumbi uko ndani kidogo. Hii nayo ni sababu ya kuweka jina la mahali juu na kubwa, jina la mzee chini yake kwa herufi za sentimita kumi, kwa yule aliyeshafika.

Fundi asianze na rangi. Achore kwanza kwa penseli kwenye karatasi za kaki zilizounganishwa, kwa ukubwa wenyewe, na karatasi hiyo ipelekwe kwa mjane ikunjuliwe sakafuni. Kosa linaloonekana sana huku ni ile alama ndogo ya juu kwenye ng'. Ochieng' bila alama ni matamshi mengine, lakini vitambulisho vingi havina alama hiyo, na fundi hunakili kitambulisho. Kosa la pili ni mpangilio wa majina: kitambulisho kinaanza na la ubatizo, ilhali kijijini alijulikana kwa la nyumbani. La tatu ni mwaka wa kuzaliwa. Wazee wengi walikadiriwa mwaka siku ya kuandikishwa, na watoto wa nyumba mbili wanaweza kuwa na miaka miwili tofauti kwa baba mmoja. Usiandikwe kabisa. Mwaka wa kufariki unatosha, na ikiwa familia haiutaki, jina peke yake.

Mjane akishaisoma ile karatasi, au akishasomewa, aweke sahihi au kidole pembeni kwa kalamu. Karatasi irudi kwa fundi ikiwa na alama hiyo, na baada ya rangi kukauka ikunjwe iwekwe kwenye faili pamoja na makubaliano.